Slaidi za kuonya kuhusu meseji za utapeli zinamsahihishia tapeli kazi yake

Siku hizi huwezi kushinda na simu yako bila kukutana na mfululizo wa slaidi za kuonya kuhusu meseji za utapeli. Benki wanazitoa, kampuni za simu wanazitoa, polisi wanazitoa, na karibu zote zimefuata mtindo mmoja. Slaidi ya kwanza ina kichwa chekundu, ya pili inaonyesha skrinishoti ya meseji ya kitapeli nzima nzima, ya tatu imezungushia duara makosa yake, na ya mwisho inatutaka tuwe makini. Ubishi uliozuka juu yake ni kama kuonyesha meseji hiyo si kuwapa matapeli mfano wa kunakili. Naona ubishi huo umekosea shabaha. Maneno ya meseji matapeli wanayo tayari, tena wanayauziana. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuwasahihishia, na huyo ndiye tunayewapa bure kila tunapozungushia duara kosa la herufi. Hoja yangu ni kwamba slaidi inayofaa hufundisha zile alama tu ambazo tapeli hawezi kuzifuta bila kuufuta utapeli wenyewe. Alama nyingine zote zinamsaidia yeye kuliko zinavyomsaidia msomaji.

Chukua slaidi moja ambayo imezunguka sana. Inaonyesha meseji bandia ya kupokea pesa kwa simu, na juu yake kuna miduara mitatu. Mmoja umezunguka neno lililokosewa herufi, mwingine umezunguka nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili, na mwingine umeizunguka namba ya kawaida iliyokaa mahali ambapo lingekaa jina la huduma. Sasa isome slaidi hiyo kwa jicho la tapeli. Amepewa orodha ya masahihisho ambayo atayamaliza kabla ya chakula cha usiku. Kisha isome kwa jicho la msomaji wa kawaida. Amejifunza kwamba meseji ya kitapeli ina makosa, na kwa hiyo, hata kama hakuna aliyemwambia waziwazi, meseji isiyo na makosa ni salama. Kesho atakapoipata ile iliyosahihishwa, ataipima kwa kipimo tulichompa sisi wenyewe, nayo itafaulu.

Jina la mtumaji ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu slaidi nyingi hulitaja kama kinga ya uhakika: "Hakikisha meseji imetoka kwa jina letu." Katika mfumo wa SMS, sehemu ya mtumaji inaweza kujazwa herufi badala ya namba, hadi herufi 11, na jina hilo huandikwa na anayetuma. Mahali ambapo hakuna rejesta ya majina inayosimamiwa, mtu mwenye huduma ya kutuma meseji kwa wingi anaweza kuandika jina la benki yoyote. Simu inayopokea haina namna ya kujua. Inachofanya ni kuzipanga meseji kwa majina ya watumaji, kwa hiyo ile bandia inatua katika mlolongo uleule wenye meseji halali za miaka yote, chini ya ile ya kweli ya juzi. Hilo ndilo lililowakuta wateja wa benki ya OCBC nchini Singapore mwezi Desemba 2021. Walipokea meseji kwa jina la benki yao, ndani ya mlolongo wa benki yao, zikiwa na linki iliyowapeleka kwenye tovuti bandia. Wateja wapatao 790 walipoteza jumla ya dola za Singapore milioni 13.7. Hawakuwa wazembe. Walilitazama jina la mtumaji, nalo lilikuwa sahihi. Januari 2022 benki za nchi hiyo zikatakiwa kuondoa linki katika meseji zao kwa wateja, na kuanzia mwaka 2023 kila taasisi inayotaka kutuma SMS kwa jina ikalazimika kulisajili jina hilo, na lisilosajiliwa likawa linafika kwa mteja likiwa na alama ya "Likely-SCAM". Yaani alama iliyokuwa ikisomwa na mteja peke yake ilibidi ilindwe na mtandao kwanza ndipo iwe na maana.

Makosa ya herufi nayo yana hadithi yake. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alichambua kwa nini barua pepe za utapeli huwa na visa visivyoaminika hata kidogo. Jibu lake lilikuwa la kiuchumi. Kutuma barua milioni moja hakumgharimu tapeli karibu chochote, lakini kuzungumza na kila anayejibu kunamgharimu muda mwingi, kwa hiyo ni faida kwake kama wenye mashaka watajitoa mapema na kubaki wale watakaofika mwisho. Ukilichukua hilo kwa uzito, basi hata makosa yenyewe hayasemi kitu kimoja. Kuna anayekosea kwa kutojua kuandika, na kuna ambaye kwake upuuzi wa meseji ni chujio. Slaidi inayomfundisha msomaji kutafuta makosa inamkinga dhidi ya meseji ambazo pengine zisingempata hata hivyo, na inamwacha wazi mbele ya ile iliyoandikwa vizuri.

Hata hivyo, wanaotetea kuonyesha mifano wana hoja nzito ambayo haipaswi kupuuzwa. Onyo lisilo na mfano halikai kichwani. Ukimwambia mtu "jihadhari na matapeli" hujamwambia kitu, kwa sababu hakuna anayeipokea meseji ya utapeli akaiona kama utapeli. Anaiona kama habari kutoka benki, au kama shida ya mtu aliyekosea namba. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alionyesha kwamba mtu aliyekutanishwa mapema na hoja ya kumrubuni ikiwa imedhoofishwa, pamoja na jibu lake, huwa mgumu zaidi kurubunika baadaye. Aliuita utaratibu huo chanjo. Lakini wengi wanaomnukuu wanaliruka neno la katikati: ikiwa imedhoofishwa. Skrinishoti kamili yenye jina, kiasi, namba na linki haijadhoofishwa popote. Ni meseji yenyewe, imebadilishwa msambazaji tu.

Hoja yao iliyo dhaifu ni ile wanayoitanguliza kila mara, kwamba matapeli wanajua kila kitu kwa hiyo hakuna siri ya kutunza. Inachanganya mambo mawili. Ni kweli wanajua maneno. Lakini tapeli hapati taarifa rahisi za kwa nini meseji zake hazijibiwi. Anatuma elfu, wanajibu wachache, na walionyamaza hawamwambii walishtukia nini. Benki inapotoa slaidi yenye miduara mitatu, inamjulisha kwa niaba ya wateja wake wote walichokishtukia. Tena matapeli si kundi moja lenye ujuzi sawa. Aliyebobea hanufaiki na slaidi yako, anayeanza ananufaika nayo sana, na wanaoanza ndio wengi. Na hata tukikubali kwa ajili ya mjadala kwamba hakuna tapeli mmoja anayeambulia kitu, bado hasara ya msomaji iko palepale: ameondoka na kipimo kibovu.

Upande wa pili, wale wanaosema tusionyeshe chochote, nao wanalo la kweli. Mwaka 2005 Ian Skurnik na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima walipewa madai kadhaa na kuambiwa wazi kwamba baadhi ni ya uongo. Wazee walioambiwa mara nyingi zaidi kwamba dai fulani ni uongo walilitambua vizuri papo hapo, lakini baada ya siku tatu ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulikumbuka kuwa kweli. Tamko lilibaki kichwani, onyo likafutika. Tafiti za baadaye hazikuyaona matokeo hayo kila mahali, na sidhani yanatosha kutufunga mdomo, lakini yanaeleza hatari ya namba ya simu au linki inayorudiwarudiwa kwenye slaidi. Msomaji atakachobaki nacho ni kwamba aliwahi kuiona mahali fulani, pengine kwenye ukurasa wa benki.

Kuna pia jambo la kiufundi linalosahaulika na pande zote mbili. Slaidi hutengenezwa tano au sita, lakini husafiri moja moja. Mtu huipiga picha ile iliyomgusa na kuituma kwenye kundi la familia, na inayogusa huwa ni ile yenye meseji. Ile ya mbele iliyosema "Huu ni uongo" inabaki nyuma, na ile yenye maelezo haifiki. Anayepokea anaona tangazo safi lenye rangi za benki likimwambia akaunti yake itafungwa. Nimeona mhuri mdogo wa "MFANO" umewekwa pembeni, mahali ambapo WhatsApp huukata picha inapoonekana kwa ufupi kabla ya kufunguliwa. Kwa hiyo kila slaidi inapaswa kubeba maana yake yote peke yake, na mhuri upite katikati ya maandishi ili asiweze mtu kuusoma mfano bila kuusoma mhuri.

Sasa tutazame utapeli mmoja kwa karibu, ule wa pesa iliyotumwa kimakosa, maana ndani yake alama rahisi na alama za lazima zinatenganika vizuri. Unapata meseji kwamba umepokea kiasi fulani. Dakika chache baadaye simu inaita. Mtu mwenye sauti ya unyonge anasema amekosea namba, pesa hiyo ni ya mgonjwa au ya ada, anaomba umrudishie. Unatuma. Ulichotuma ni pesa yako mwenyewe, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimeingia.

Katika kisa hiki, mwandiko wa meseji, jina la mtumaji, mpangilio wa namba ya muamala na hata kisa cha mgonjwa ni vitu vinavyobadilika kila wiki. Viwili haviwezi kubadilika. Cha kwanza ni kwamba meseji haiwezi kubadili salio. SMS ni maandishi tu. Salio liko kwenye mfumo wa mtoa huduma, na tapeli hana mkono huko. Ukifungua menyu ya huduma au apu yako mwenyewe na kuangalia salio, utaona kile kilichomo. Ndiyo maana anakupigia haraka na kukushikilia kwenye simu: anahitaji utume kabla hujaangalia. Cha pili ni kwamba lazima wewe uanzishe muamala mpya wa kutoka kwako. Asipokufikisha hapo hajapata kitu. Haraka anaweza kuipunguza, upole anaweza kuuongeza, lakini muamala huo hawezi kuuacha.

Watengenezaji wengi wa slaidi wanaishia kwenye kuangalia salio, na hapo ndipo wanapomwacha msomaji nusu ya njia. Kuna aina ya utapeli huu ambamo pesa imeingia kweli. Imeibwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, nawe unaombwa uirudishe kwa namba tofauti na ile iliyoituma. Ukifanya hivyo umekuwa daraja la kupitishia pesa ya wizi, na mwenye mali akilalamika, muamala wa kwanza atakaouona ni wa kuja kwako. Aina nyingine ni ya mtu anayekutumia pesa yake kweli, anakuomba uirudishe, unaituma, kisha anawapigia watoa huduma kudai muamala wa mwanzo ulikuwa wa makosa na urejeshwe. Wakimkubalia, umelipa mara mbili. Katika visa hivi vyote salio lako linasoma vizuri kabisa. Kanuni inayosimama kote ni moja: pesa iliyokuja kimakosa hairudishwi na mkono wako, inarudishwa na mtoa huduma kwa utaratibu wake wa kurejesha miamala. Usiitumie, usiitume, mwambie aliyepiga awasiliane na mtoa huduma, nawe watafute kwa namba unayoijua, si kwa namba uliyopewa kwenye mazungumzo hayo. Mtu aliyekosea kweli hapotezi chochote kwa njia hiyo isipokuwa muda kidogo. Tapeli anapoteza kila kitu.

Kanuni hiyo ndiyo ninayoiita salama kuichapisha. Ukiiweka kwenye slaidi kubwa kabisa na tapeli akaisoma mara mia, hakuna atakachosahihisha. Hapo ndipo nilipopata swali ninalowashauri watengenezaji wajiulize kwa kila slaidi kabla ya kuitoa: tapeli akiisoma hii leo, kesho atabadilisha nini kwenye meseji yake? Jibu likiwa "ataandika vizuri zaidi," ifute. Jibu likiwa "hawezi kubadilisha kitu, itabidi atafute utapeli mwingine," iache.

Mfano bado unahitajika, ila uwe umedhoofishwa kwa makusudi. Usiweke skrinishoti ya kweli. Chora kiputo cha meseji ambacho hakifanani na cha simu yoyote. Mahali pa jina weka kisanduku chenye maneno "jina la huduma unayoiamini," mahali pa kiasi weka pau jeusi, na usiandike namba wala linki hata ya kubuni, kwa kuwa namba ya kubuni huenda ni ya mtu na linki ya kubuni inaweza kusajiliwa na mtu kesho yake. Ikatize sentensi katikati. Kinachobaki kisomeke hivi: "Umepokea ▇▇▇ kutoka kwa ▇▇▇…" na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za mfano, "Meseji haijazi salio. Fungua menyu mwenyewe uangalie." Slaidi inayofuata isiwe na meseji kabisa, ionyeshe simu inayoita na kitendo kinachotakiwa: kutuma. Ya tatu iseme njia ya kurudisha pesa. Hizo tatu zinatosha. Msomaji ameona umbo la jambo lenyewe, lakini ukizikusanya zote huwezi kutengeneza meseji moja inayotumika.

Pingamizi gumu zaidi dhidi ya njia hii halitoki kwa matapeli, linatoka kwa taasisi zenyewe. Ukimwambia mteja asifungue linki iliyokuja kwa meseji, na wiki hiyohiyo benki yake ikamtumia linki ya kuhakiki taarifa zake "kabla ya Ijumaa," umeiharibu slaidi yako kwa mkono wako. Ukimwambia asitaje namba ya uthibitisho kwa mtu yeyote, na mhudumu wa kituo cha simu akamwomba aitaje, mteja amejifunza kwamba kanuni ina milango ya nyuma. Alama za lazima zinabaki kuwa alama pale tu taasisi halali zinapoacha kuzitumia. Kwa hiyo idara ya mawasiliano haiwezi kuandika slaidi hizi peke yake. Kabla ya kuchapisha "hatutakuomba kamwe," ni lazima iketi na idara ya masoko, ya madeni na ya huduma kwa wateja, ipitie meseji zote zinazotoka, na kuziondoa zile zinazoomba jambo ambalo slaidi inalikataza. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora miduara, na nadhani ndiyo sababu miduara inapendwa.

Upimaji nao ubadilike. Leo mafanikio yanahesabiwa kwa idadi ya walioitazama slaidi na walioisambaza, namba ambazo hazisemi kama kuna aliyejifunza. Kipimo cha haki ni kuwapa watu meseji mchanganyiko, halali na bandia, zote zikiwa zimeandikwa vizuri, na kuwauliza wangefanya nini kwa kila moja, kabla ya kuona slaidi, mara tu baada ya kuziona, na tena wiki kadhaa baadaye. Zihesabiwe alama mbili tofauti: wamekataa bandia ngapi, na wamekubali halali ngapi. Slaidi iliyowafanya watu wakatae zote, pamoja na onyo la kweli la benki kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yao, haijawalinda, imewahamisha kutoka hatari moja hadi nyingine. Taasisi iliyoona alama ya pili inashuka iiondoe slaidi hiyo hewani siku hiyohiyo, hata kama imesambazwa mara milioni.